Mtoto wa Benchi la Tatu

Mwaka jana, hapa Kigali, tulikuwa tunasoma moduli ya maadili ya ualimu kila Jumamosi. Siku moja mkufunzi alitugawia karatasi yenye swali moja na mistari mitano mitupu. Swali lilikuwa hivi: mwanafunzi wako amekuja na alama mwilini, anasema ameanguka, utafanya nini kabla ya jua kuzama? Wenzangu waliinamisha vichwa wakaanza kuandika. Mimi nilibaki na biki mkononi. Swali hilo nilikuwa nimeshalijibu miaka mingi nyuma, si kwenye karatasi, na nilikuwa nimelijibu vibaya.

Mimi ni mkimbizi kutoka upande wa Uvira. Nafundisha katika shule moja ya Nyamirambo, klasi ambamo mtoto wa Rwanda anakaa benchi moja na mtoto wa Burundi na wa Kongo. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliona alama kwenye miguu ya mvulana wa miaka tisa. Zilikuwa nyuma ya mapaja, mistari miwili miwili inayokwenda sambamba kisha inajikunja mwishoni kama kitanzi. Waya wa umeme ukikunjwa mara mbili ndio unaacha alama ya namna hiyo. Nilimwita mbele, wenzake wakisikia, nikamuuliza: "Ni papa yako alikupiga na waya, si ndiyo?" Akaitika kwa kichwa. Jioni nikampigia baba yake simu, mwanaume kwa mwanaume, nikamwambia mtoto si punda. Baba alinijibu kwa heshima sana. Alisema asante Mwalimu, Mungu akubariki.

Jumatatu mtoto hakuja, Jumanne hakuja. Wiki iliyofuata majirani waliniambia familia imehama usiku, hakuna anayejua imeenda wapi. Nilisikitika siku chache, halafu nikajiambia kwamba angalau nilisema ukweli. Mpaka ile Jumamosi ya moduli nilikuwa naamini hivyo.

Mkufunzi hakujua kisa changu, lakini alikieleza kama vile alikuwepo. Alisema kosa la kwanza la mwalimu ni kumpa mtoto jibu ndani ya swali. Mtoto aliyezoea kupigwa anaitikia chochote mtu mzima anachotaka kusikia. Baadaye mpelelezi akimuuliza, hakuna anayeweza kutenganisha aliyosema mtoto na aliyoyatia mwalimu kinywani mwake. Kosa la pili ni kumuonya mtu unayemshuku. Ukimpigia baba simu, unampa usiku mzima wa kumfunga mtoto mdomo, au wa kufunga mizigo. Kosa la tatu ni kubaki na jambo peke yako, kana kwamba wewe ni mwalimu, polisi na hakimu kwa pamoja. Nilikuwa nimeyafanya yote matatu kwa siku moja, nikalala nikijiona mtu mwema.

Kuhusu alama zenyewe, nilichojifunza ni rahisi na kila mzazi anaweza kukijaribu kwa wanawe. Mtoto anayecheza anaumia mbele, mahali penye mfupa: magoti, mifupa ya miguu, viwiko, paji la uso. Ndipo mwili unapotangulia kugusa ardhi anapoanguka. Michubuko ya masikio, ya shingo, ya tumbo, ya matako, ya nyuma ya mapaja na ya mgongoni ni vigumu kuipata kwa kuanguka tu. Halafu unaangalia umbo. Ardhi haichori umbo, inakwangua. Ukiona kitanzi, mistari iliyonyooka au alama za vidole, jua kuna kitu au mkono uliogusa pale. Mwisho unasikiliza maelezo. Je, yanalingana na jeraha? Je, yanabadilika kutoka asubuhi hadi mchana? Lakini hata vyote vitatu vikikubaliana, bado umeshuku tu, hujathibitisha. Na hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Mwalimu anaripoti anaposhuku. Kuthibitisha ni kazi ya wengine.

Kutelekezwa ni kugumu zaidi kuliko kipigo, na hapa naomba ndugu zetu wa mashirika wanisikilize vizuri. Kitabu cha moduli kinasema dalili za mtoto aliyetelekezwa ni njaa, nguo chafu, usingizi darasani, kuchelewa, ugonjwa usiotibiwa. Nilipoisoma orodha ile nilicheka peke yangu. Ni nusu ya klasi yangu. Ni mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi. Kama kila mwenye shati chafu angeripotiwa, tungewachukua watoto wa maskini wote na kuwaacha wa matajiri wanaopigwa ndani ya geti.

Nilikuwa na mvulana aliyelala kila siku saa nne asubuhi, na funza walikuwa wamemjaa miguuni. Baada ya moduli niliacha kumkemea, nikaanza kuangalia kitu kimoja: msaada ukifika, nini kinatokea? Nikapita kwa mama yake. Alikuwa anauza matunda barabarani mpaka usiku, na huyu mkubwa ndiye aliyekesha na mtoto mchanga. Nilipotaja funza, mama alishika kichwa. Siku ile ile jioni alimtoa kwa sindano, akamwosha miguu, na kesho yake mtoto alikuja na viatu vya kuazima. Huo ni umaskini. Dawa yake ilikuwa kuwaita Inshuti z'Umuryango wa mudugudu, wale wawili wa kujitolea, mwanamke na mwanaume, ambao kila mudugudu hapa Rwanda unao kwa ajili ya mambo ya familia na watoto. Walimtafutia jirani wa kumlinda mchanga. Kutelekezwa kungekuwa kitu kingine: dawa imeletwa nyumbani na haitolewi, mituweli imelipwa na mtoto anaachwa na jipu mwezi mzima, au kati ya watoto wanne wa nyumba moja watatu wanakula na mmoja anaangalia.

Huyo mmoja anayeangalia ndiye aliyenileta kwa mtoto wa benchi la tatu. Jina lake silitaji, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake anaishi kambini Kigeme, na alimtuma Kigali kwa shangazi ili asome. Wasomaji wa kambini mnaijua hiyo safari, ni wengi tunaoifanya, na mara nyingi inakwenda vizuri. Watoto wa shangazi walikuwa shuleni kwetu pia. Wao walifika saa moja na nusu, nguo zimepigwa pasi. Yeye alifika saa mbili na zaidi, vidole vimepasuka kwa sabuni na jiki. Niliandika hayo kwenye kaye yangu bila maelezo mengi: tarehe, saa aliyofika, nilichokiona. Moduli inakataza kuandika "anateswa" au "shangazi mbaya". Unaandika "vidole vya mikono yote miwili vimepasuka, cha shahada cha kulia kinatoa damu". Siku moja haimaanishi kitu. Wiki tatu zilionyesha kwamba hachelewi Jumatatu, siku ambayo shangazi hufanya kazi za nyumbani mwenyewe kwa sababu haendi sokoni.

Jumanne moja kulikuwa na jua kali naye hakutaka kuvua sweta. Saa ya kwenda nyumbani alibaki kwenye benchi. Mimi ninaongea Kiswahili chetu, ndiyo maana nadhani alinichagua mimi.

Akasema: "Mwalimu, leo naweza kulala hapa ku shule?"

Moyo ulitaka kuuliza nani, lini, na nini, vyote kwa pamoja. Niliacha mlango wazi, nikakaa kwenye benchi la mbele yake ili nisimsimamie, nikasema tu: "Niko nakusikiliza. Niambie."

"Shangazi anasema nilichoma kitenge yake. Akasema na mimi nitaona vile inauma."

Akavuta sweta mwenyewe. Mimi sikuligusa. Nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kulikuwa na alama ya moto yenye ncha, kingo zake zimenyooka. Mtu anayegusa pasi kwa bahati mbaya anaigusa kwa vidole au kiganja, na mkono unaruka, kwa hiyo jeraha linakuwa dogo na kingo zake zinavurugika. Nyuma ya mkono mtu hajipigi pasi. Na pasi ikiacha umbo lake kamili, ni kwamba ilikaa, au mkono ulishikwa.

Nikamwambia: "Asante kuniambia. Si kosa lako." Hapo akaniomba kitu ambacho watoto karibu wote huomba.

"Lakini usimwambie mutu."

Hili ndilo gumu kuliko yote, na hakuna karatasi ya moduli inayokuandaa vya kutosha. Ukisema "sawa, ni siri yetu", utaivunja baada ya nusu saa, na mtoto huyo hatamwambia mtu mzima kitu tena. Nilisema: "Siwezi kukuahidi hivyo. Nitawaambia watu wachache tu ambao kazi yao ni kukusaidia. Wenzako wa klasi hawatajua."

Akashusha sweta. Akaangalia mlango. "Basi sijasema kitu."

Hakuongea nami tena siku hiyo. Nilihisi nimempoteza kama yule mvulana wa kwanza. Lakini sikumbembeleza wala sikumuuliza swali jingine. Tayari nilikuwa na ya kutosha kuripoti, na kila swali la ziada lingekuwa langu, si lake. Nilimpeleka kwa matroni, yule mwalimu anayesimamia chumba cha wasichana, akae naye na apate chai. Mimi nikaandika.

Niliandika maneno yake kwa Kiswahili kile kile alichosema, "nitaona vile inauma", na sikuyageuza kuwa Kinyarwanda wala kuyasafisha. Ukitafsiri, unakuwa umeshachagua maana. Niliandika pia swali langu, kwa sababu wanaosoma wanahitaji kujua alijibu nini na alijisemea nini. Niliandika na lile la "sijasema kitu". Mwalimu mwenzangu aliniuliza baadaye kwa nini nisingeliacha, maana linadhoofisha. Ndiyo, linadhoofisha, lakini alilisema. Mahali alama ilipo nilipaeleza kwa maneno na kwa mchoro mdogo wa mkono. Picha ya simu sikupiga. Picha ya mwili wa mtoto kwenye simu ya mwalimu ni hatari kwa wote wawili, na kazi hiyo ni ya daktari. Mwisho niliweka saa, tarehe na saini.

Saa kumi na robo nilikuwa ofisini kwa direkta. Ni mwanamke mwema, na alisoma ukurasa wangu mara mbili. Kisha akasema neno ambalo lilikuwa na huruma ndani yake.

"Mwalimu, huyu mama namjua, ni mtu wa kanisa. Tumwite Ijumaa tuongee naye kama wazazi. Ukiita serikali, watu wenu watasema shule inawaonea. Na dosye yao ya kwenda Amerika je?"

Nilielewa. Sisi wakimbizi tunaogopa kila karatasi yenye jina letu na muhuri. Nilimjibu kwamba alama ya pasi tunaiona, lakini hatujui kuna nini kingine katika nyumba ile, na si kazi yetu kumfunua mtoto kuangalia. Kama kuna aliyemwingilia, dawa ya kuzuia VVU inatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo inavyopungua nguvu. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina siku zake tano. Ijumaa, saa 72 zingeweza kuwa zimeshapita. Na usiku wa leo mtoto angelala wapi?

Alinyamaza. Nikaongeza, kwa adabu, maana ni mkubwa wangu: "Madamu Direkta, nimekuletea kwa sababu ndiyo njia. Lakini nikitoka hapa bila simu kupigwa, nitapiga mimi. Kukuambia wewe hakuniondolei wajibu."

Nilikuwa natetemeka. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja.

Akachukua simu akapiga 166, namba ya bure ya RIB, ofisi ya upelelezi. Kuna pia 116 kwa ajili ya watoto na 3029 ya Isange, zote za bure. Kambini unaweza pia kumwendea mfanyakazi wa ulinzi wa mtoto ana kwa ana, lakini jambo likiwa ni kosa la jinai yeye naye atalipeleka RIB, kwa hiyo usidhani umechagua njia ya kimya. Walituambia tumlete Isange ya Kacyiru. Direkta na matroni ndio walioenda naye. Mimi sikwenda, na hiyo nayo ni busara: anayesikia maneno ya kwanza ni shahidi, asikae kando ya mtoto akimwangalia anaposema tena.

Isange ilianza mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, na sasa ziko katika hospitali za wilaya mbalimbali. Maana ya jina ni kama kumwambia mtu ajisikie yuko nyumbani. Zamani mtoto alizungushwa: polisi, hospitali, tena polisi, kila meza anasimulia upya. Pale daktari, mtaalamu wa saikolojia na mpelelezi wako chini ya paa moja, na hulipi. Matroni aliniambia kitu kimoja tu kutoka siku ile, kwamba binti aliongea na yule mama wa saikolojia karibu saa nzima, akiwa na kalamu za rangi. Zaidi ya hapo hakuniambia, nami sikuuliza. Anayehitaji kujua ni yule anayefanya kitu na habari hiyo. Udadisi wangu haukuwa kazi.

Alilala katika chumba cha usalama cha pale. Siku ya pili mpelelezi aliniita kutoa maelezo, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Wewe ulimuuliza nini?" Nikafungua kaye. Alisoma kimya, akaweka kidole kwenye "sijasema kitu", akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kuliona neno hilo mahali pengi. Hakulichukulia kama uongo. Alisema mtoto anayekana mara baada ya kusema anakuwa amepima gharama.

Gharama ilikuwepo. Nisiwadanganye kwamba mtoto alitoka motoni akaingia peponi. Shangazi alihojiwa, na mambo yake yalienda njia ya sheria ambayo mimi siifuatilii. Wafanyakazi wa ulinzi wa mtoto walifanya tathmini ya maslahi yake, yaani walikaa na yeye na mama yake na kuangalia wapi atakuwa salama, na yeye mwenyewe anataka nini. Alitaka kwa mama. Alirudi Kigeme katikati ya muhula. Alikuwa wa tatu katika klasi yangu kwa hesabu. Benchi lake lilikaa tupu wiki mbili, kisha nikamhamishia mwingine, kwa sababu wenzake walianza kuliangalia na kunong'ona.

Ile karatasi ya mistari mitano niliirudisha Jumamosi ya mwisho. Mkufunzi alinipa alama saba kwa kumi. Alikata tatu kwa sababu sikuandika kwamba kaye inafungiwa na haikai katika begi la mwalimu. Alikuwa na haki. Wiki tatu zote ilikuwa ndani ya begi langu, kwenye basi, kando ya nyanya.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, mume wa shangazi alinishika mkono nje ya kanisa. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mwalimu, wewe ni mtu wetu. Ni nani pale shuleni alituuza?"

"Papa, mambo ya watoto wa shule siyaongei nje."

Aliniangalia muda mrefu, kisha akaniachia. Tukiwa njiani mke wangu akaniuliza yule baba alitaka nini, mbona nimebadilika sura. Nikamwambia maneno yale yale. Tulitembea mpaka Biryogo bila kuongea, yeye amekasirika, nami nimebeba Biblia za wote wawili.